Mtoto hazaliwi na moyo wa jiwe

Mtaani kwetu hapa Mombasa, tukitajwa mimi na kakangu, hukumu huwa ni moja. "Wametoka tumbo moja, lakini yule binti ana moyo. Kaka mtu hakujaliwa." Husemwa barazani, husemwa harusini, na kuna wakati hata mimi niliisema kimoyomoyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kakangu alikaa maskani miaka kumi na tano akivuta unga. Watu wanaona mambo yako wazi: mmoja alizaliwa na ustahimilivu, mwengine alizaliwa bila.

Leo nataka kueleza kwa nini hukumu hiyo si sahihi. Sifanyi hivyo kwa kumtetea kakangu tu. Maneno yale yale yanasemwa hivi sasa juu ya watoto ambao bado wako majumbani mwetu, na anayeyasema huwa tayari ameshaamua kwamba kwa mtoto yule hakuna la kufanya.

Nianze na yaliyotupata. Mwaka 1985 baba, aliyekuwa akifanya kazi melini, hakurudi. Hakufa. Alianza maisha kwengine, na barua zikakatika. Mama akaingiwa na maradhi ya huzuni. Alijifungia chumbani siku nzima, chakula hali, ukimwita haitiki. Mimi nilikuwa na miaka 6, kakangu 9. Wazee wakakaa wakaamua kwamba mimi niende kwa nyanya, mzaa mama, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kakangu, kwa kuwa ni mwanamume, akapelekwa kwa ami yetu Malindi. Mwaka wa pili ami akapoteza kazi, kijana akahamishiwa kwa mjomba Likoni. Kwa mjomba watoto walikuwa wengi na nafasi haba, akarudishwa kwa mama, ambaye bado hakuwa mzima. Alipotimiza miaka 12 alikuwa amehamishwa nyumba mara tatu na kusoma shule nne. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kila mmoja alimpokea kwa nia njema, kisha akashindwa.

Miaka mingi baadaye, nikisomea mambo ya malezi, nilikutana na utafiti wa kisiwa cha Kauai. Ndipo nilipoielewa nyumba yetu.

Kauai ni kisiwa kimoja cha Hawaii, katika bahari ya Pasifiki. Enzi hizo wengi wa wakaazi wake waliishi kwa kazi za mashamba ya miwa na mananasi, na walikuwa mchanganyiko wa Wahawaii wenyewe na vizazi vya vibarua waliotoka Japani, Ufilipino, Ureno na kwengineko. Wanasaikolojia wawili, Emmy Werner na Ruth Smith, pamoja na wauguzi, madaktari wa watoto na maafisa wa ustawi wa jamii, waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955. Hawakuwatazama mara moja wakaondoka. Waliwachunguza tangu mimba, wakarudi walipokuwa na mwaka 1, miaka 2, 10, 18, 32 na 40. Kwa hivyo waliona kitu ambacho sisi barazani hatukioni, nacho ni maisha ya mtu mmoja kutoka mwanzo hadi utu uzima, yakiwa yameandikwa yanapotokea. Sisi husimuliana baada ya mwisho kujulikana.

Karibu watoto watatu katika kila kumi walikuwa wamezaliwa katika shida nzito: umasikini wa kudumu, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi au talaka nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili, mama asiyesoma sana. Watafiti waliwatazama hasa wale waliokuwa na shida nne au zaidi kati ya hizo kabla ya kutimiza miaka 2. Shida moja peke yake watoto wengi huivuka. Zikirundikana nne juu ya mtoto mmoja, ndipo mambo huharibika.

Na kweli yaliharibika. Theluthi mbili ya watoto hao, kufikia umri wa miaka 10 walikuwa na matatizo ya masomo au tabia, au kufikia 18 walikuwa wameingia mikononi mwa polisi, wamepata maradhi ya akili, au wamepata mimba wakiwa bado wadogo. Lakini theluthi moja, vijana 72, walikua vizuri. Walisoma, wakapata kazi, wakalea. Walipofika miaka 40 hapakuwa na hata mmoja kati yao asiye na kazi, wala aliye matatani na sheria, wala anayeishi kwa msaada wa serikali.

Hapo ndipo mtu wa barazani angesema, "Si nilikwambia? Hao ndio waliojaliwa." Werner naye alilitazama hilo. Ni kweli kwamba wengi wa hao 72 walikuwa, tangu uchanga, watoto wepesi. Mama zao waliwaeleza kuwa wachangamfu, wanaopenda kubebwa, wasiosumbua kulala na kunyonya. Hicho ni kitu cha kuzaliwa nacho, sikikatai. Tatizo ni kudhani kwamba kinafanya kazi peke yake, kama mfupa mgumu ulio ndani ya mtoto.

Kinachotokea ni mnyororo. Mtoto mwepesi akitabasamu, jirani humbeba. Akibebwa, huzoea watu. Akizoea watu, siku ya kwanza shuleni humwendea mwalimu bila ya hofu. Mwalimu humpenda na kumpa kitabu cha ziada. Akiwa na miaka 10 anasoma vizuri, na kusoma vizuri kukamfungulia mlango mwengine. Sasa mchukue mtoto yule yule mwepesi umhamishe nyumba. Jirani aliyekuwa akimbeba hayupo. Mwalimu aliyemjua hayupo. Kule mpya anafika amenyamaza, wanasema ana kiburi. Anaachwa. Akiachwa, hukasirika, na akikasirika husemwa kwamba kumbe ndivyo alivyo. Tabia ni ile ile, lakini mnyororo umekatika.

Mama yangu, alipopona, alinieleza jambo ambalo sikulitarajia. Kati yetu sisi wawili, mtoto mwepesi alikuwa kakangu. Ndiye aliyekuwa akicheka na kila mtu, ndiye aliyepitishwa mikono kwa mikono msikitini na dukani. Mimi nilikuwa mtoto wa kulia. Kama ustahimilivu ni kitu cha kuzaliwa nacho, mwenye nao alikuwa yeye.

Basi mimi nilipewa nini? Nilipewa nyanya. Kati ya mambo yaliyowakinga watoto wa Kauai, hili ndilo linalojitokeza wazi zaidi: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mmoja mzima, mtulivu wa akili, aliyempokea kama alivyo. Mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, babu, khalati, ndugu mkubwa, wakati mwengine jirani au mwalimu. Halikuhitajika kundi la watu, wala mtu msomi au tajiri. Alihitajika mtu asiyeondoka.

Nyanya yangu hakujua kusoma wala kuandika. Alikaanga mahamri alfajiri na kuyauza mlangoni na mbaazi. Lakini niliporudi shule alikuwapo, kila siku, pale pale. Nikikasirika hakuniambia kwamba nitamfuata baba. Nikiogopa usiku nilijua mlango upi wa kubisha. Mambo haya yanaonekana madogo hadi umtazame mtoto asiye nayo.

La pili alilonipa ni kazi. Nilikuwa nikihesabu mahamri na kupokea pesa kabla ya kwenda shule. Watafiti wa Kauai waliliona hili pia: watoto wengi waliosimama walikuwa na jukumu la kweli nyumbani, kama kumwangalia mdogo wao au kusaidia kipato, na walijua kwamba wasipolifanya, kuna kitu kitakwama. Mtoto aliyezungukwa na mambo asiyoyaweza hupata jambo moja analoliweza.

Lakini hapa pana hatari, na mimi kama mwalimu naiona kila muhula. Jukumu humkinga mtoto likiwa la kimo chake, na likiwa na mtu mzima anayeliona na kulimaliza jioni. Mimi nilihesabu mahamri, lakini deni la unga wa ngano lilikuwa la nyanya. Mtoto wa miaka 10 anayejiuliza kodi italipwa na nani hasaidii nyumba, ameibeba. Utamjua: hachezi wakati wa mapumziko, husinzia darasani, na ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu kama mtu mzima, kwa maneno ya kupanga. Walimu humsifu kwa kuwa hasumbui. Huyo ndiye wa kumfuata.

La tatu lilitoka nje ya nyumba. Mwalimu mmoja wa darasa la nne aligundua kwamba nasoma vizuri kwa sauti, akanifanya niwasomee wenzangu hadithi kila Ijumaa. Kauai pia, karibu kila aliyesimama alipoulizwa nani alimsaidia, alimtaja mwalimu fulani. Na wengi walikuwa na kitu kimoja wanachokiweza na kujivunia, si lazima kiwe kipaji kikubwa. Kakangu naye alikuwa nacho. Alikuwa akichonga vidau vya mti laini, vina tanga na usukani, vinaelea kweli. Lakini kila alipohamia alikianza upya mbele ya watu wasiojua kwamba anajua. Kipaji kisichoonwa na mtu hakimkingi mtoto.

Mpaka hapa ningeweza kukomea, na funzo lingekuwa la huzuni: aliyepata akapata, aliyekosa akakosa. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi methali hii naiheshimu, lakini Kauai inaonyesha mpaka wake, na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mzazi wa pwani aijue.

Watafiti waliporudi kwa wale walioharibikiwa ujanani, walipofika miaka 32 na kisha 40, walikuta kwamba wengi wao walikuwa wamejirudi. Wavulana wengi waliokuwa na kesi wakiwa vijana hawakuendelea na uhalifu. Wasichana wengi waliozaa mapema walikuwa wamerudi masomoni, wakafanya kazi, na hali zao zilikuwa bora zaidi kuliko walivyokuwa wakiwa na miaka 18. Samaki aliyekauka alikunjika.

Si kwamba walikuwa wameota moyo mpya. Milango ilifunguka. Werner aliiorodhesha: kuna waliorudi kusoma katika vyuo vya karibu wakiwa watu wazima, waliojiunga na jeshi wakapata ujuzi na nidhamu, waliooa au kuolewa na mtu mtulivu, waliojiunga na jumuiya ya dini na kushiriki kwa dhati, na walionusurika ugonjwa mzito au ajali wakayatazama maisha upya. Ukiitazama orodha hii utaona kwamba vitu ni vile vile alivyonipa nyanya: mtu asiyeondoka, jukumu la kimo chako, na watu wanaoona unachokiweza. Vilichelewa tu. Na wachache walibaki nyuma, hasa waliokuwa na maradhi makali ya akili au ulevi wa muda mrefu. Si kila mtu huinuka, na kusema kila mtu huinuka ni kuwaongopea wanaouguza.

Kakangu alikaribia 40 alipoanza kwenda kliniki ya methadoni. Kwa wasioijua, ni dawa ya maji anayopewa mgonjwa mbele ya muuguzi, kila siku, ili mwili usiteswe na arosto na akili ipate nafasi. Mara ya kwanza aliacha baada ya wiki tatu. Mtaani wakasema, "Mwaona?" Mara ya pili palikuwa na tofauti moja. Fundi mmoja wa mashua, mzee aliyemjua tangu utotoni, alimwambia akishakunywa dawa asubuhi apitie kwake kumsaidia kuziba nyufa kwa pamba na mafuta. Hakumlipa sana. Baada ya miezi kadhaa alimpa ufunguo wa banda la vifaa.

Nilimuuliza kakangu kilichobadilika. Hakutaja dawa kwanza, ingawa anajua bila dawa asingefika. Alisema, "Nilikuwa sijawahi kupewa ufunguo wa mahali." Leo ana mke na watoto wawili wa kambo, na bado anakwenda kunywa dawa yake. Sisemi amepona. Nasema anaendelea, na neno hilo ndilo sahihi kwa ustahimilivu wowote. Unatendeka siku kwa siku kati ya mtu na waliomzunguka, na wakiondoka unaweza kupungua.

Na mimi niliyesifiwa kuwa na moyo? Nami niseme ukweli. Kauai, wale waliosimama walipofika miaka ya thelathini, baadhi yao walilalamikia maradhi yanayoletwa na msongo, na wengi walikuwa wamejitenga kidogo na familia zilizowaumiza. Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini. Mgongo wangu unauma bila sababu ambayo daktari ameiona, na hadi mama anafariki sikuweza kulala nyumbani kwake usiku mmoja. Mtoto aliyesimama hakuwa hakuumia. Kumwambia "wewe una nguvu" ni kumfungia mlango wa kusema.

Msomaji makini atauliza: pengine watoto wa Kauai walipata watu wema kwa sababu walikuwa wema wenyewe? Swali hilo ni la haki, kwani Werner aliwatazama tu watoto, hakuwapangia maisha. Lakini upo utafiti mwengine, wa Bucharest, mji mkuu wa Romania, ulioanza mwaka 2000. Huko watoto 136 wa miezi 6 hadi 31, waliokuwa wakiishi katika vituo vya watoto walioachwa, waligawanywa kwa kura: nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituo. Kura haijui nani mwepesi na nani mlizi. Waliopata familia walikua na akili bora na wakashikamana na walezi wao vizuri zaidi, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa hivyo mlezi ndiye anayeleta tofauti, na mapema ni bora. Samaki mbichi hukunjika kwa urahisi zaidi, hilo methali imepata. Ila haikusema kwamba mkavu atupwe.

Sasa, kama nyumbani kwako au jirani yako kuna mtoto aliye katika shida, usianze kwa kupima moyo wake. Jiulize maswali matatu. Akiota ndoto mbaya leo usiku, atamwamsha nani? Asipofika shule au chuoni kesho, nani atajua kabla ya adhuhuri? Na ni kitu gani anakiweza, ambacho mtu mzima mmoja amekiona akamwambia? Ukikosa jina la kujibia, hapo ndipo penye pengo, na pengo hilo linazibika hata na asiye mzazi.

Na familia zikikaa kugawa watoto, kama walivyokaa wazee wetu mwaka ule, ziulize jambo moja zaidi: je, anayempokea mtoto huyu ataweza kukaa naye? Nyumba masikini isiyomwachia ni bora kuliko nyumba tatu zenye nafasi zinazompokezana. Ikibidi ahame, basi na abakie shule ile ile, au chuo kile kile, au aende na ndugu yake. Kitu kimoja kisikatike.

Jumamosi iliyopita nilipitia bandani kwa kakangu. Palikuwa na kijana wa miaka kama kumi na moja akipiga randa ubao, shombo la mafuta ya papa likinuka kila mahali. Nikauliza ni mtoto wa nani. Kakangu akasema, "Mtoto wa hapo nyuma. Mamake hajambo, si sana." Kisha akamwambia yule kijana aache ubao, aende akafunge mlango wa stoo, na akamrushia ufunguo.